Hizi alama za CE kwa chaja: mbona moja herufi zimebanana na ingine zimeachana? (picha ndani)

Nyina_wa_Kayole
Habari zenu. Naomba macho yenu kidogo. Jumamosi nilinunua chaja Luthuli, shilingi 450, juu ile ilikuja na simu waya yake ilikatika. Jana usiku nikaziweka zote mbili kwa meza nikaona kitu. Zote ziko na CE, lakini kwa ile ya zamani C na E zimeachana vizuri, na kwa hii mpya zimekaribiana mpaka ncha za C karibu ziguse mgongo wa E. Picha ya 1 ni ya zamani, picha ya 2 ni hii mpya. Halafu mpya inashika joto, si ya kuchoma lakini ukiigusa unaiskia. Niko na mtoto wa miaka mitatu na soketi yetu iko chini karibu na kitanda, kwa hivyo sijalala vizuri. Hiyo tofauti ya nafasi inamaanisha kitu ama ni vile tu waliamua kuandika?

Kaka_Mkubwa_Umoja
Dada hiyo ya pili ni China Export, hiyo si CE ya Ulaya kabisa. Wachina wako na alama yao ya bidhaa za kuuzwa nje, wakaifanya ifanane makusudi ndio isiwe makosa kisheria. Zikiachana ni Ulaya, zikibanana ni Uchina. Hii kitu nimeijua miaka mingi.

jirani_mwema
Kweli kabisa, hata mimi nilitumiwa hiyo picha kwa grupu ya kanisa.

Mama_Lebo
Kaka Umoja, nusu ya hiyo ni kweli na nusu ni hadithi. Nimechora lebo na makaratoni River Road miaka kumi na tano kwa hivyo hii alama nimeichora mara nyingi sana, wacha nieleze polepole.

Hakuna alama inaitwa China Export. Mbunge mmoja wa Bunge la Ulaya aliuliza hilo swali 2007, na Tume ya Ulaya ikajibu 2008 kwamba haijui alama kama hiyo, na kwamba wanachoona wao ni CE ileile iliyowekwa bila kufuata vipimo. Kwa hivyo mwenye kuibananisha hana mlango wa kutokea eti yake ni alama ingine. Ni CE iliyokosewa, ama imekosewa makusudi ama mtu hakujali.

Nusu yenye uko sawa ni kwamba nafasi inapimwa, na vipimo viko kwa sheria yao, kanuni 765 ya 2008, kuna mchoro wa mistari mwishoni. Ukikuza ama ukipunguza alama lazima uwiano ubaki uleule, na urefu wake usipungue milimita 5 isipokuwa sheria ya bidhaa fulani iseme vingine.

Sasa vile inachorwa. C ni kipande cha duara, na E pia ni kipande cha duara la ukubwa uleule. Ukiendeleza ile C mpaka iwe duara kamili, ukingo wake wa nje wa kulia unapita ndani ya mgongo wa E na kugusa tumbo la E kwa ndani. Unagusa tu, haupiti. Hiyo ndio siri yote. Kutokana na hapo, nafasi kati ya ncha za C na mgongo wa E inakuwa mara mbili ya unene wa mstari wenyewe. Na mkono wa katikati wa E ni mfupi kidogo kuliko ile ya juu na chini. Nyina wa Kayole, angalia picha yako ya 2, huo mkono wa katikati umefika sawa na mingine. Hiyo pia ni dalili.

Nyina_wa_Kayole
Ai, kweli umefika sawa! Sikuwa nimeona. Asante mama.

Bodaboda_Kariobangi
Wakuu mimi helmeti yangu iko na E ndani ya kaduara na namba 4, hakuna C. Hiyo C ilitolewa na mjanja ama? Niliuziwa 3,500.

Mama_Lebo
Hiyo ni kitu tofauti ndugu yangu. E ndani ya duara ni ya vifaa vya magari na pikipiki, na namba inaonyesha nchi iliyoidhinisha, 4 ni Uholanzi. Haina uhusiano na CE. Tafuta lebo imeshonwa kwa ule mshipi wa kidevu, inafaa iwe na namba ndefu ya kibali. Ikiwa E ni stika tu nyuma ya helmeti na kwa mshipi hakuna kitu, hapo mimi ningeshuku.

Bodaboda_Kariobangi
Mshipi hauna kitu. Eeh.

Mwanafunzi_wa_Vipimo
Nimefurahia hii uzi. Nimechukua picha zote mbili nikapima kwa pikseli. Alama nzima ikiwa sawa upana wake ni mara 1.4 ya urefu. Picha ya 2: urefu 212, upana 246, hiyo ni 1.16. Feki. LAKINI picha ya 1 yenye mnasema ni sawa: urefu 212, upana 262, hiyo ni 1.24. Kwa hivyo hata hiyo ya zamani ni feki, iko mbali na 1.4. Dada pole, zote mbili tupa.

Nyina_wa_Kayole
Hiyo ya zamani ilikuja kwa boksi ya simu, ikiwa imefungwa, kwa duka kubwa. Sasa nimechanganyikiwa.

Kaka_Mkubwa_Umoja
Si nilisema zote zinatoka Uchina.

Mama_Lebo
Ngojeni msitupe. Kijana wa vipimo, hesabu yako ni safi lakini umepima picha, hujapima chaja. Angalia picha ya 1 vizuri, ukingo wa kushoto wa chaja ni mrefu kuliko wa kulia, maanake simu ilikuwa imesimama kando. Kitu ukikipiga kwa upande kinabanana upana na urefu unabaki. Chukua karatasi yoyote uigeuze hivi kidogo mbele ya macho, utaona.

Kwa hivyo usilinganishe upana na urefu kama hujui picha imepigwa wapi. Linganisha upana na upana. Pima unene wa mgongo wa C pale katikati, kutoka kushoto kwenda kulia. Halafu kwa laini hiyohiyo pima nafasi, kutoka kwa usawa wa ncha za C mpaka mgongo wa E. Zote mbili zinabanwa sawa, kwa hivyo uwiano haubadiliki sana. Unatafuta mbili. Fanya hivyo utuletee.

Mwanafunzi_wa_Vipimo
Nimerudia. Picha ya 1: mgongo wa C pikseli 28, nafasi 56. Ni mbili kamili!! Picha ya 2: mgongo 32, nafasi 13. Haifiki hata nusu ya mstari mmoja, na ilifaa iwe 64 hivi. Pia nimechora duara juu ya C kwa GIMP, kwa picha ya 1 ilibidi nilivute liwe kama yai ndio likae juu ya C juu ya huo mshazari, na likagusa tumbo la E vile ulisema. Kwa picha ya 2 duara limepita tumbo la E likaingia katikati ya mikono. Naomba radhi dada, ya zamani iko sawa, nilikuhukumia haraka.

Nyina_wa_Kayole
Hakuna neno, asante kwa kurudia.

Fundi_Stima_Githurai
Mimi nina neno hapa na sitaki nionekane napinga Mama Lebo, lakini watu wasitoke na hiyo ya duara wakidhani sasa wako salama. Nafungua hizi vitu kila siku. Mwezi uliopita nililetewa chaja iko na CE safi kabisa, nafasi sawa, mkono wa katikati mfupi, kila kitu. Nikaifungua. Upande wenye stima ya 240 na upande wenye unaenda kwa simu vilikuwa vimetenganishwa na nafasi kama unene wa kucha, na hapo kawaida natarajia kama milimita 5 au 6. Hakuna hata utepe wa njano kwa ile transfoma. Mwenye kuiga akiwa na mchoro mzuri ataiga alama vizuri, inamgharimu nini? Alama mbaya inakuambia mtu hakujali. Alama nzuri haikuambii kitu.

Mama_Lebo
Fundi hapo sipingi hata kidogo. Na niongeze, kwa chaja kama hizi CE mtengenezaji anajiwekea mwenyewe kisha anaweka karatasi zake, hakuna mtu wa nje analazimishwa kuipima kwanza. Kuna bidhaa zingine ambapo lazima mkaguzi wa nje ahusike na hapo unaona namba nne kando ya CE. Ukiona chaja ya kawaida ya simu imeandikwa CE na namba nne, mimi ningeuliza hiyo namba inafanya nini hapo, mara nyingi mtu alinakili kutoka kwa kitu kingine.

Msomi_Kasarani
Swali la kweli kwa mabingwa. Kwa nini karibu kila mara kosa ni kubanana? Ukikosea si ungeweza kukosea kwa kuachanisha sana? Mimi nadhani ni makusudi, na China Export ilitokea baadaye kama kisingizio.

Mama_Lebo
Kwa maoni yangu ni mwandiko wa kawaida. Mtu anafungua kompyuta anaandika C, anaandika E, anakuza, ameenda. Kompyuta inabananisha herufi vile inabananisha maneno yote. Angalia E ya feki nyingi, mgongo wake umenyooka kama E ya gazeti. Kwa ile halisi mgongo wa E umepinda kama C. Wateja wameniletea kazi zimefanywa hivyo na hawakuwa na nia mbaya, walikuwa na haraka tu.

Fundi_Stima_Githurai
Hiyo ya picha ya 2 mgongo umepinda lakini. Haijaandikwa, imechorwa halafu ikasukumwa. Mimi nadhani ni mtengeneza moldi, alikuwa na nafasi ndogo kati ya alama zingine akaisukuma iingie.

Msomi_Kasarani
Nafasi ndogo wapi, kwa hiyo picha kuna uwanja mzima umebaki wazi kulia.

jirani_mwema
Ama wananakili kwa waliyenakili. Kama vile mtihani ukipigwa kopi mara kumi.

Kaka_Mkubwa_Umoja
Bado mimi naamini ni makusudi. Nimekubali hakuna alama rasmi, lakini mtu akikuwekea kitu kinafanana hivyo kwa mzigo wa makontena, huyo anajua.

Baba_Tatu_Donholm
Samahani nimechelewa, nauza vitu vya stima dukani, si Luthuli. Nina shida ya vitendo. Wauzaji wa jumla wananitumia picha kwa simu kabla nilipe. Picha yenyewe imetumwa mara tano, alama ni kama nukta. Napimaje hapo?

Mama_Lebo
Hupimi. Ukikuza na mstari uwe pikseli nne tu, ukikosea pikseli moja umeshakosea robo nzima, na hiyo ukungu ya picha iliyobanwa inakula nafasi yenyewe. Usihukumu na picha hiyo, hata kusema ni nzuri usiseme. Mwambie akupigie upya: asimame nusu mita, akuze mara 2 badala ya kusogeza simu karibu, juu simu ikiwa karibu sana inavimbisha katikati. Chaja iwe wima na uso wake uangalie simu sawasawa. Atume kama faili, si kama picha ya kawaida, ndio isibanwe. Na aweke kando kikaratasi cha jina la duka lako na tarehe, kwa sababu wengine wanakutumia picha ya chaja ya kweli wametoa mtandaoni halafu mzigo unakuja mwingine.

Ikiwa alama haijapigwa wino bali imechongwa kwa plastiki, mwanga ukitoka mbele haionekani kabisa, na ukitoka upande kivuli kinanenepesha mstari upande mmoja. Hapo mimi naweka karatasi nyembamba juu na kusugua na penseli mpaka alama ijitokeze, halafu napiga picha ya karatasi. Hiyo unaweza hata kuipima na rula.

Baba_Tatu_Donholm
Ya penseli sijawahi fikiria. Asante sana. Nilishapoteza katoni ya ekstensheni kwa sababu hii, mteja alirudisha moja imeyeyuka shimo la katikati na nikalazimika kutoa zote kwa rafu, hakuna aliyenirudishia.

Fundi_Stima_Githurai
Mzee, na kwa picha hizo usiangalie CE peke yake, mwambie apige upande wa plagi. Pale ndio mimi huangalia kwanza, juu plagi iko na rula yake. Zile pini mbili za chini kwa hizi plagi zetu za pini tatu upana wake ni milimita 6.35. Ukijua hiyo unaweza kupima kitu kingine chochote kwa picha. Na kutoka kwa pini mpaka ukingo wa plagi inafaa isipungue milimita 9.5, ndio kidole kisiguse pini ukichomoa.

Nyina wa Kayole si ameweka picha ya 4 ya uso wa plagi, nimepima. Pini ni pikseli 66, kwa hivyo milimita moja ni kama pikseli 10.4. Kutoka pini mpaka ukingo ni 71, hiyo ni 6.8. Hata nikisema ncha ya pini iko karibu na simu kwa hivyo inaonekana kubwa kidogo, sitafika hata saba na nusu. Imeanguka. Dada, kwa mtoto hiyo ndio inanipa wasiwasi kuliko herufi.

Kitu kingine, ile pini ndefu ya juu ikiwa imevishwa plastiki nyeusi nusu kama zile mbili, kataa. Ikiwa ya chuma inafaa iwe tupu yote. Ikiwa ya plastiki yote ni sawa, chaja nyingi ziko hivyo. Mtu aliyevisha nusu hajui hata ni ya kazi gani.

Nyina_wa_Kayole
Yangu ni ya plastiki yote. Lakini hiyo ya ukingo nimejaribu saa hii stima ikiwa imezimwa, kidole kinafika kwa pini kabla haijatoka yote. Nimeitoa kwa soketi kabisa, iko juu ya kabati.

Mwanafunzi_wa_Vipimo
Fundi, hiyo 6.35 ni kama inchi robo!

Fundi_Stima_Githurai
Ni robo inchi yenyewe. Plagi hii ni ya Waingereza.

Kanyoni_Eastleigh
Kwani nyinyi hamtumi tu meseji? Stika ya KEBS iko na namba, unatuma `SM#` na namba ya kibali kwa 20023 unaambiwa. Mbona mnapima na rula usiku.

Baba_Tatu_Donholm
Hiyo ni ya ile alama ya SM, kwa bidhaa za hapa nchini ziko na kibali cha kutumia alama. Vitu vya kutoka nje viko na stika yake ya uagizaji, na tatizo langu ni stika hizo pia zinaigwa, unapata katoni nzima namba ni moja. Mimi huangalia hivyo kwanza: nikipata stika mbili namba sawa, mzigo unarudi.

Kanyoni_Eastleigh
Sikujua kuna mbili. Sawa.

Msomi_Kasarani
Bado hamjanijibu, lakini nimeenda nikapima vitu vyangu vyote nyumbani. Nimepata sita ziko sawa na moja iko na nafasi moja na nusu badala ya mbili, na hiyo moja ni ya kampuni kubwa, kifaa nimetumia miaka saba. Sasa hiyo ni feki ama kampuni imekosea?

Mama_Lebo
Iko kwa stika ama kwa plastiki? Wino ukitambaa kwa stika unanenepesha mstari na kula nafasi pande zote mbili. Kwa alama ya milimita 5 mstari ni robo tatu ya milimita na nafasi ni moja na nusu. Wino ukitambaa kama sehemu ya kumi ya milimita kila upande, mstari unakuwa 0.95 na nafasi inabaki 1.3. Hiyo ni 1.4 hivi. Hapo angalia duara, lakini pitisha katikati ya unene wa mstari wa C, si ukingoni, na liguse katikati ya unene wa mgongo wa E, juu katikati haisogei wino ukitambaa.

Msomi_Kasarani
Ni stika. Nitajaribu. Lakini kampuni kubwa pia hukosea ama?

Mama_Lebo
Hukosea. Nimeona.

Nyina_wa_Kayole
Nimerudi Luthuli leo na picha zikiwa zimechorwa lile duara. Kijana wa duka aliangalia, akaniambia hajawahi kuonyeshwa, akaita mwenye duka. Mwenye duka hakubishana, alinipa ingine kwa kuongeza 300. Hii mpya nafasi ni mbili, mgongo wa E umepinda, mkono wa katikati mfupi, na nimepima ukingo na rula ya mtoto wa shule, ni milimita 10. Haishiki joto kama ile. Ile ya kwanza alibaki nayo na nikaona akiirudisha kwa boksi pamoja na zingine.

Fundi_Stima_Githurai
Hiyo ya kuirudisha kwa boksi imeniuma. Ungeweza kuibaki nayo nikuifungulie. Hii mpya ukipita Githurai niletee niipime uzito tu, sitaifungua.

Bodaboda_Kariobangi
Mama Lebo nimepata helmeti ingine hapa Gikomba, mshipi uko na lebo imeshonwa, E11 na namba ndefu, lakini uzi ulioshonea ni wa rangi tofauti na wa helmeti. Niichukue?

Mama_Lebo
Piga picha ya mshono upande wa nyuma kwanza, karibu na mwanga. Usilipe bado.